Taarifa kwa Wateja wa Polithini ya Filamu: Kiwanda Kinachotuletea Malighafi Kimesimama, na Ratiba Mpya ya Mizigo Yenu

10 Machi 2026

Kwa wateja wetu wote wenye oda za polithini ya filamu ya msongamano mdogo, daraja la mtiririko 2.0

Ndugu Wateja,

Usiku wa Alhamisi, 5 Machi, maji ya mafuriko yaliingia katika kituo cha kupozea umeme kinacholisha kiwanda kinachotutengenezea polithini ya filamu. Kiwanda kizima kilizimika ghafla. Jana, Jumatatu 9 Machi, tulipokea barua rasmi ya kiwanda hicho kutangaza tukio lisilozuilika na kusimamisha mizigo yote ambayo ilikuwa haijapakiwa melini. Nakala yake tumeiambatisha ili muisome wenyewe badala ya kutegemea muhtasari wetu.

Kwa ufupi: kati ya leo na mwisho wa Mei tutaweza kuwapatia nusu ya kiasi tulichothibitisha. Nusu nyingine itafika Juni na Julai. Tunajua wengi wenu mashine zenu hazilali na nyuma yenu wapo wateja wanaosubiri vifungashio, kwa hiyo tumeona ni heri mpate habari hii leo, hata kabla ya kila jambo kukamilika.

Taarifa hii inahusu polithini ya filamu pekee. Polithini ngumu ya mabomba na polipropilini hutoka viwanda vingine, na oda zake zinaendelea kama zilivyopangwa.

Huenda mkajiuliza kwa nini umeme uliokatika usiku mmoja usimamishe uzalishaji kwa wiki nyingi. Tanuru zinazovunja gesi kupata ethilini hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi. Zikizimwa bila mpangilio, masizi hubaki yameganda ndani ya mirija, na lazima yachomwe na kusafishwa kabla ya kuwasha tena. Upande wa polithini ni mgumu zaidi. Plastiki hii hutengenezwa kwenye mirija yenye shinikizo linalozidi angahewa 1,000, na mtambo ukisimama ghafla, plastiki iliyomo hupoa na kuganda humohumo. Kwa mujibu wa barua ya kiwanda, sehemu kadhaa za mirija zimeziba na transfoma moja haifai tena. Wanatarajia umeme urudi kufikia 10 Aprili na uzalishaji uanze 27 Aprili. Sisi tarehe ya kwanza tunaiamini kuliko ya pili, maana transfoma mbadala tayari ipo njiani, ilhali hakuna anayejua hali ya mirija mpaka ifunguliwe yote.

Sasa kuhusu mzigo uliopo. Ghalani tuna tani 432. Makontena 12 yenye tani 288 yaliondoka bandari ya kiwanda kabla ya mafuriko, na yanatarajiwa kufika 27 Machi. Jumla ni tani 720. Tumetenga tani 22 kwa wateja wawili wanaotengeneza vifungashio vya dawa, ambao watapata oda zao zote. Uamuzi huo ni wetu na tumeona mwujue, kwa sababu kila kilo waliyopewa imetoka kwenye fungu la wote. Tani 698 zilizobaki zinagawiwa wateja wengine wote, ambao oda zao zilizothibitishwa hadi 31 Mei ni tani 1,396. Kila mmoja atapata asilimia 50 ya oda yake, awe mkubwa au mdogo, wa siku nyingi au wa juzi.

Tangu jana tumepokea maombi ya kulipa bei ya juu ili mtu atangulizwe. Tumeyakataa yote. Oda zilizothibitishwa zitauzwa kwa bei ileile iliyoandikwa kwenye uthibitisho wake, hata zile zitakazofika Julai.

Ratiba mpya ni hii:

| Kipindi cha kupelekewa | Sehemu ya oda yako | Chanzo | Uhakika |
|---|---|---|---|
| 12 hadi 20 Machi | asilimia 29 | mzigo wa ghalani | thabiti |
| 3 hadi 10 Aprili | asilimia 21 | makontena yaliyo baharini | thabiti, ikiwa meli itafika kwa wakati |
| 15 hadi 26 Juni | asilimia 30 | uzalishaji mpya | makadirio |
| 6 hadi 17 Julai | asilimia 20 | uzalishaji mpya | makadirio |

Tafadhali zingatieni safu ya mwisho. Mistari miwili ya kwanza mnaweza kuipangia kazi. Miwili ya mwisho inategemea kiwanda kuwaka 27 Aprili, kupakia mzigo wetu kufikia 13 Mei, safari ya siku 24 hivi, na wiki moja ya kutoa mzigo bandarini. Kiwanda kikichelewa wiki moja, nasi tutachelewa wiki moja. Aidha, plastiki ya siku za kwanza baada ya kuwasha huwa haijatulia: mtiririko hupanda na kushuka, na filamu hutoka na madoa ya jeli. Tumekiandikia kiwanda kwamba mzigo wa aina hiyo hatutaupokea, na kila mzigo mpya tutaupima kabla haujatoka ghalani kwetu.

Pamoja na barua hii kuna karatasi yenye oda zenu moja moja, tani kwa tani. Mkiona kosa, tuambieni mapema kabla lori halijapakiwa.

Kuhusu mkataba. Hii ni taarifa rasmi chini ya kifungu cha 14 cha masharti yetu ya mauzo, kinachotutaka tuwajulishe ndani ya siku 5 za kazi tangu tupate habari. Hatudai kwamba udhuru wa kiwanda unageuka moja kwa moja kuwa udhuru wetu. Muuzaji akiangushwa na anayemletea bidhaa, hilo peke yake halimwondolei wajibu. Tunakitumia kifungu hiki kwa sababu oda zenu zinataja daraja hili na kiwanda hiki kwa jina, na hakuna mahali pengine bidhaa hiyo inapotengenezwa. Tunakitumia pia kwa kiasi kilichokosekana tu. Zile asilimia 50 tulizonazo tunawajibika kuzileta kwa wakati, na tukizichelewesha kwa uzembe wetu, fidia ya ucheleweshaji iliyomo kwenye mkataba inabaki palepale.

Kwa wateja walio nchi nyingine, ambao mikataba yao inaongozwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mauzo ya Kimataifa ya Bidhaa wa 1980, ibara ya 79 inamtaka anayeomba udhuru aonyeshe kwamba kizuizi kilikuwa nje ya uwezo wake, kwamba hakutegemewa kukizingatia wakati wa kuingia mkataba, na kwamba madhara yake hayakuepukika. Inamtaka pia atoe taarifa ndani ya muda unaofaa. Barua ya kiwanda, hesabu ya ghala letu na maelezo ya juhudi zetu za kutafuta mbadala vimeambatishwa kwa ajili hiyo. Ibara hiyohiyo inamwondolea anayekwama fidia tu, na haki zenu nyingine zinabaki kama zilivyo.

Kifungu cha 14 kinawaruhusu kufuta oda iliyocheleweshwa zaidi ya siku 60. Kwa ratiba ya hapo juu, salio la kila oda iliyopaswa kufika kabla ya 16 Aprili litavuka kikomo hicho. Hatuoni sababu ya kumfanya mtu ahesabu siku mpaka ya 61 kwa jambo ambalo sote tunaliona leo. Mnaweza kufuta salio hilo sasa, lote au sehemu, bila adhabu. Malipo ya awali ya sehemu iliyofutwa tutayarudisha ndani ya siku 10 za kazi. Mkinunua kwingine kuziba pengo hili, hatutalichukulia kuwa mmevunja makubaliano ya kununua kwetu, na kiasi mlichonunua huko tutakihesabu kwenye lengo lenu la mwaka.

Tumepata pia mbadala, na hapa tunawaomba msome taratibu. Mtengenezaji mwingine ametupatia tani 192 za polithini ya msongamano mdogo, zitakazofika 17 Aprili. Mtiririko wake ni 0.75, ukilinganisha na 2.0 mliouzoea, vipimo vyote vikiwa vimechukuliwa kwenye nyuzi 190 kwa uzito wa kilo 2.16. Maana yake ni kwamba ikiyeyuka ni nzito zaidi. Mota ya mashine itabeba mzigo mkubwa, shinikizo mbele ya chujio litapanda, na pengine mtalazimika kuongeza joto na kupunguza kasi. Filamu yake ni imara, ila hamtaipata nyembamba sana kwa urahisi. Halafu haina kilainishi wala kizuia kunata, ambavyo bidhaa yenu ya kawaida inavyo. Mkiiweka kama ilivyo, mifuko itagandamana na kufunguka kwa shida. Mtahitaji kuongeza viungo hivyo wenyewe, na wanaochapisha wapime upya jinsi wino unavyoshika.

Kwa vifungashio vya chakula, cheti cha bidhaa ya zamani hakiifuniki hii. Cheti chake tunacho na tutakituma kwa anayekihitaji, lakini idhini ya mteja wenu mtaiomba ninyi.

Bei ya mbadala ni ya juu na haiingii kwenye mikataba iliyopo, kwa hiyo hatumlazimishi mtu. Anayependa kujaribu tutampa mifuko miwili ya kilo 25 bure kutoka sampuli iliyokwisha kufika, aiendeshe kwenye mashine yake, ndipo aamue. Maombi yakizidi tani 192, tutagawa kwa uwiano uleule.

Tunahitaji majibu yenu kufikia Ijumaa, 13 Machi, saa 11 jioni: kama mnabaki na ratiba mpya, kama mnafuta salio au sehemu yake, na kama mnataka sampuli. Jibuni kwa kurudisha barua pepe hii. Asiyejibu tutamhesabu kuwa amebaki na ratiba, na haki yake ya kufuta baadaye haitapotea.

Jambo moja zaidi. Tafadhali msituletee oda za tahadhari, zile za kuagiza mara mbili kwa matumaini ya kupata nusu ya kubwa. Mgao umefungwa kwa oda zilizokuwapo hadi 5 Machi, kwa hiyo oda mpya hazitaongeza fungu la mtu, na zitatuharibia hesabu tunayomwonyesha mtengenezaji tunapodai haki yenu kwenye mgao wake wa Juni. Oda mpya za Juni na Julai tutazipokea na kuziweka kwa mpangilio wa kufika, ila hatutazithibitisha mpaka salio hili limalizike.

Kila Alhamisi tutawaandikia hali ilivyo kiwandani, hata wiki ambayo hakuna kilichobadilika. Tarehe ya makadirio ikisogea, tutawajulisha siku hiyohiyo bila kusubiri Alhamisi. Mwenye mashine itakayosimama kabisa kabla ya 3 Aprili kwa kukosa malighafi atupigie simu leo. Wapo wateja wawili walio tayari kuazima tani chache za fungu lao la kwanza na kurudishiwa Aprili, nasi tutasimamia makabidhiano bila malipo.

Tunawaomba radhi kwa usumbufu huu. Tunajua nusu ya oda inagusa mishahara, zamu na ahadi mlizowapa wengine.

Wenu,

Meneja wa Ugavi na Huduma kwa Wateja

Viambatisho: nakala ya barua ya kiwanda ya 9 Machi, karatasi ya mgao wa oda zenu, hesabu ya ghala ya asubuhi ya 10 Machi, maelezo ya juhudi za kutafuta mbadala, karatasi ya vipimo vya bidhaa mbadala.