Yah: Kontena ZKTU 418206-7 limekwama bandarini – naomba tamko la forodha lirekebishwe kabla ya Jumanne saa 6 mchana

Ndugu Hamisi,

Salaam. Tafadhali iache ile barua pepe yangu ya Alhamisi, ufuate hii. Ile niliiandika kwa haraka nikiwa nimeudhika, sikuweka hata namba ya kontena, na kwa hiyo jibu la "inashughulikiwa" sikulishangaa. Leo nimekaa na jalada lote mezani, na nadhani nimeona mzigo umekwama wapi.

Kumbukumbu za mzigo ni hizi:

Hati ya shehena: KLP-250731-09
Kontena: ZKTU 418206-7, futi 20, lakiri namba 0093462
Ankara ya muuzaji: 2217 ya tarehe 14 Julai 2025
Mzigo: pampu 64 za kuzamishwa kisimani, kreti 32, uzito wa jumla kilo 6,240
Namba ya uainishaji wa forodha: 8413.70
Meli ilifunga gati tarehe 3 Septemba. Kontena lilishushwa tarehe 4
Kodi ililipwa tarehe 8 Septemba, stakabadhi unayo

Sasa tazama tamko ulilowasilisha, ukurasa wa pili, kisanduku cha kontena. Imeandikwa ZKTU 412806-7. Tarakimu 8 na 2 zimepishana. Hati ya shehena ina 418206, manifesti ina 418206, na picha ya mlango wa kontena niliyotumiwa na muuzaji siku ya kupakia inaonyesha 418206. Isitoshe, ile tarakimu ya mwisho baada ya kistari hutokana na hesabu ya herufi na tarakimu zilizotangulia. Nimepiga hesabu mara mbili: 418206 inatoa 7, lakini 412806 inatoa 6. Yaani namba iliyo kwenye tamko haiwezi kuwa ya kontena lolote, na bila shaka ndiyo maana mfumo umekataa kuioanisha na manifesti ingawa kodi imeshalipwa.

Ninachoomba kwanza, na ndicho kikubwa: wasilisha ombi la kurekebisha namba hiyo kesho Jumanne, tarehe 16, kabla ya saa 6 mchana. Nasema kurekebisha, si kufuta tamko. Tukilifuta tutaanza upya na makadirio, kisha tuhangaike kudai kodi tuliyokwisha kulipa, wakati kosa ni la tarakimu mbili tu. Ambatisha nakala ya hati ya shehena, ukurasa wa manifesti na ile picha ya mlango. Vyote nimeviweka kwenye barua pepe hii. Ombi likishapokelewa, nitumie nakala yenye mhuri siku hiyohiyo. Afisa akitaka barua ya mwenye mzigo, nipigie simu, nitakuwa nayo tayari imesainiwa ndani ya nusu saa.

Wakati hilo likiendelea, ongea na wakala wa meli juu ya siku za kontena. Siku 7 za bure za bandari ziliisha tarehe 11, na leo ni siku ya nne tunahesabiwa tozo ya hifadhi. Siku 14 za kontena zinaisha Alhamisi, tarehe 18, na kwa masharti yao ni lazima kontena liwe limerudishwa tupu, si kutoka getini tu. Hata likitoka Jumatano jioni hatutawahi kushusha kreti 32 na kulirudisha kwa wakati. Omba nyongeza ya siku 5, kwa maandishi, kabla muda haujaisha. Wakishaanza kuhesabu wanakuwa wagumu.

Kuhusu tozo za hifadhi, naomba tuzungumze kama watu waliofanya kazi pamoja miaka mitatu. Hati zote nilikukabidhi tarehe 27 Agosti zikiwa sahihi, na kosa limetokea wakati wa kuchapa. Iombeni bandari msamaha wa siku hizo. Ukikataliwa, nitaomba ofisi yako izibebe. Nalisema mapema lisije likatuharibia uhusiano siku ya kulipa ankara yako.

Haraka yangu haitokani na tozo peke yake. Visima 11 vimekwisha kuchimbwa na kuwekewa mabomba, vimefunikwa vifuniko vya chuma vikisubiri pampu hizi. Mafundi wangu wapo kazini bila kazi, na wateja wananipigia simu kila asubuhi kuuliza maji yatatoka lini. Nimewaambia wiki hii.

Kesho saa 4 asubuhi nitakupigia. Kama kuna jambo jingine lililozuia mzigo ambalo halimo humu, niambie leo hiihii, hata kama ni baya.

Wako katika kazi,

Zawadi
Msimamizi wa Ununuzi

Viambatisho: hati ya shehena, ukurasa wa manifesti, ankara 2217, orodha ya kreti, stakabadhi ya kodi, picha ya mlango wa kontena na lakiri