Maelezo ya Kiufundi: Tovuti ya Uanachama wa Jimu, Matawi ya Kasarani na Umoja

Toleo 1.2. Kwa watengenezaji, wajaribu na mwenye jimu

## 1. Tatizo tunalotatua

Jimu ina wanachama wapatao 640 katika matawi mawili ya Nairobi. Leo mwanachama hulipa kwa M-Pesa, humwonyesha mhudumu wa mapokezi ujumbe, na mhudumu huandika daftarini. Ujumbe wa simu unaweza kughushiwa kwa dakika moja. Daftari la Kasarani halionekani Umoja, na asubuhi watu ishirini wakiwa mlangoni hakuna anayepata nafasi ya kuhakiki.

Kwa hiyo kanuni moja inatawala waraka huu wote: uanachama huwa hai kwa sababu malipo yamethibitishwa na M-Pesa yenyewe, si kwa sababu mtu ameonyesha ujumbe. Kipengele chochote kinachopingana na kanuni hii kimeandikwa vibaya. Kirudishwe kijadiliwe.

Toleo hili halina malipo ya kadi za benki, kuweka nafasi za madarasa wala mishahara ya wakufunzi.

## 2. Vifurushi na hesabu ya siku

| Msimbo | Kifurushi | Bei (KES) | Siku |
|---|---|---|---|
| `D1` | Siku moja | 300 | 1 |
| `D30` | Mwezi | 3,500 | 30 |
| `D90` | Miezi mitatu | 9,000 | 90 |
| `D365` | Mwaka | 30,000 | 365 |

Tunahesabu siku, hatuhesabu miezi ya kalenda. Aliyelipa tarehe 31 Januari hana tarehe 31 Februari, na kila mtengenezaji atalitatua hilo kivyake akiachiwa. Siku ya malipo ndiyo siku ya kwanza. Anayelipa `D30` tarehe 3 Machi anaingia hadi 1 Aprili saa 23:59:59, saa za `Africa/Nairobi`. Hifadhidata inaweka muda kwa UTC, lakini hesabu ya tarehe ifanywe kwa saa za Nairobi. Bila hivyo, malipo ya saa 01:30 usiku yataangukia siku iliyotangulia.

Saa zote kwenye skrini na kwenye ujumbe ziandikwe kwa mtindo wa saa 24: "05:00", kamwe si "saa kumi na moja" wala "saa tano". Mwanachama mmoja akisoma "saa moja" huelewa asubuhi jua likiwa limechomoza, mwingine huelewa usiku wa manane.

## 3. Simulizi za watumiaji na vigezo vya kukubalika

### S-1: Kulipa kwa simu

*Kama mwanachama, nataka kuchagua kifurushi na kulipa kwa M-Pesa bila kuandika namba ya biashara, ili niingie mazoezini dakika hiyohiyo.*

- Ikiwa mwanachama ameandika `0712…`, `0110…`, `+254712…` au `254712…`, pale anapobonyeza "Lipa", basi mfumo unaibadilisha namba iwe na tarakimu 12 zinazoanza na `254` na kutuma ombi la STK Push. Namba zinazoanza na `01` zisikataliwe.
- Ikiwa `ResultCode` ni 0 na kiasi kilicholipwa ni sawa na bei ya kifurushi, basi uanachama unakuwa hai na risiti inaonekana bila mtumiaji kufungua ukurasa upya.
- Ikiwa `ResultCode` si 0, basi mtumiaji anaelezwa sababu kwa Kiswahili: 1 "Salio halitoshi", 1032 "Umeghairi malipo", 1037 "Simu yako haikupatikana, iwashe ujaribu tena", 2001 "PIN si sahihi". Msimbo mwingine wowote: "Malipo hayakukamilika", na msimbo wenyewe uhifadhiwe kwenye kumbukumbu.
- Ikiwa kuna ombi la mwanachama huyo linalosubiri jibu, pale anapobonyeza "Lipa" tena, basi ombi la pili halitumwi.
- Ikiwa mwanachama bado ana siku 6, pale anapolipa `D30`, basi anakuwa na siku 36. Aliyechelewa huanza upya siku ya kulipa, wala hadaiwi siku ambazo hakuja.

Jibu la M-Pesa linalokuja kwenye `CallbackURL` halina saini. Anayeijua anwani hiyo anaweza kutuma jibu la uongo lenye `ResultCode` 0 akapata mwaka mzima bure. Kwa hiyo anwani iwe na sehemu ndefu isiyokisika, `CheckoutRequestID` iwe ni ya ombi tulilolituma sisi, na kabla ya kuwasha uanachama mfumo uulize upya kupitia `/mpesa/stkpushquery/v1/query`. Jihadhari: kwenye jibu la kwanza `ResultCode` huja kama namba (`0`), kwenye ulizo huja kama maandishi (`"0"`). Ulinganisho mkali wa aina za data utakataa malipo halali, na kosa hilo halitaonekana mpaka siku ya kwanza ya kazi.

Jibu likipotea, mfumo uulize baada ya sekunde 60, dakika 5 na saa 1. Ulizo halileti namba ya risiti. Uanachama uwashwe, `mpesa_receipt` ibaki tupu, na mhasibu aijaze kutoka taarifa ya M-Pesa.

### S-2: Kulipa moja kwa moja kwa Paybill

*Kama mwanachama asiye na data, nataka kulipa kwa Paybill kwa kuandika namba yangu ya uanachama, ili nisilazimike kufungua tovuti.*

Hapa ndipo pesa hupotea. Mtu huandika jina lake, jina la mumewe, au "gym". Namba ya simu ya mlipaji huja ikiwa imefichwa, kwa hiyo hatuwezi kumtambua kwayo. Tegemeo letu ni namba ya akaunti pekee, nayo ni lazima ijilinde.

Namba ya uanachama iwe na tarakimu sita, ya mwisho ikiwa ya uhakiki kwa kanuni ya Luhn. Mfano: 10423 inakuwa `104232`. Mtu akikosea tarakimu moja na kuandika 104332, hesabu inakataa, na pesa haziendi kwa mwanachama mwingine.

- Ikiwa namba ya akaunti ina nafasi, kistari au herufi O badala ya sifuri, basi mfumo unaisafisha kwanza ndipo unahakiki.
- Ikiwa namba haipiti uhakiki au haipo, basi malipo yanaingia kwenye orodha ya "Pesa zisizo na mwenyewe" na meneja anapata taarifa. Malipo hayatupwi wala hayakisiwi ni ya nani.
- Ikiwa kiasi si sawa na bei ya kifurushi chochote, basi kinakaa kama salio la mwanachama. KES 3,000 si siku 25.
- Ikiwa risiti ileile imeletwa mara mbili, basi inahesabiwa mara moja.

Msitegemee `ValidationURL` kuzuia makosa haya. Haifanyi kazi mpaka iombwe kuwashwa, na hatujaiomba.

```sql
CREATE TABLE payments (
  id BIGSERIAL PRIMARY KEY,
  member_id BIGINT REFERENCES members(id),
  package_code TEXT,
  amount_kes INTEGER NOT NULL,
  checkout_request_id TEXT UNIQUE,
  mpesa_receipt TEXT UNIQUE,
  status TEXT NOT NULL,
  created_at TIMESTAMPTZ NOT NULL DEFAULT now()
);
```

`member_id` inaruhusiwa kuwa tupu kwa makusudi, kwa ajili ya pesa zisizo na mwenyewe. Asije mtu akaiwekea `NOT NULL` kwa kutaka unadhifu.

### S-3: Kuingia mlangoni

*Kama mhudumu wa mapokezi, nataka kujua ndani ya sekunde 2 kama mtu huyu aingie, ili foleni isizibe mlango.*

- Ikiwa uanachama ni hai, pale msimbo wa QR unaposomwa, basi tableti inaonyesha rangi ya kijani, neno "AINGIE", picha ya mwanachama na siku zilizobaki. Neno ni la lazima, kwani si kila mhudumu anatofautisha kijani na nyekundu.
- Ikiwa umekwisha, basi inaonyesha "UMEISHA", tarehe ulipoishia, na kitufe cha kumtumia ombi la malipo palepale.
- Ikiwa msimbo ni picha ya skrini aliyotumiwa rafiki, basi unakataliwa ukishapitwa na wakati, kwa sababu hubadilika kila sekunde 60. Mfumo ukubali pia msimbo mmoja uliotangulia na mmoja unaofuata, maana saa za simu nyingi huwa zimepishana kidogo.
- Ikiwa mwanachama ameingia tawi lolote ndani ya dakika 90 zilizopita, basi mhudumu anaonywa, lakini mlango haufungwi. Watu husahau maji garini.
- Ikiwa simu ya mwanachama imezima, basi mhudumu anatafuta kwa namba ya uanachama na kulinganisha uso na picha.

Mtandao ukikatika, tableti inaendelea kwa orodha iliyohifadhiwa, kwa muda usiozidi saa 12, ikionyesha juu kabisa orodha ni ya saa ngapi. Aliyelipa baada ya mtandao kukatika hatakuwamo. Huyo mhudumu anaandika namba ya risiti ya M-Pesa na kumruhusu. Mtandao ukirudi mfumo unaitafuta risiti hiyo, na isipopatikana ndani ya saa 24 meneja anaarifiwa pamoja na jina la mhudumu aliyeruhusu.

### S-4: Kusimamisha uanachama

*Kama mwanachama anayesafiri, nataka kusimamisha siku zangu, ili nisizipoteze.*

- Inaruhusiwa kwa `D90` na `D365` pekee, kuanzia siku 7, zisizozidi 30 kwa mwaka mmoja.
- Tarehe ya mwisho inasogezwa kwa siku zilizosimamishwa kweli. Aliyeomba siku 20 akarudi baada ya siku 12, anaongezewa siku 12.
- Kusimamisha kwa tarehe iliyopita kunafanywa na meneja tu, na sababu iandikwe.

### S-5: Ripoti ya meneja

*Kama meneja, nataka kuona mapato ya jana kwa kila tawi, ili nilinganishe na taarifa ya M-Pesa.*

- Jumla ya ripoti ilingane na taarifa ya M-Pesa hadi shilingi ya mwisho, pesa zisizo na mwenyewe zikiwemo kwenye mstari wake.
- Hakuna anayeweza kufuta malipo. Marekebisho ni mstari mpya wenye jina la aliyeufanya.

## 4. Taarifa binafsi

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya na alama za mwili kuwa data nyeti. Kwa sababu hiyo hatutumii alama za vidole mlangoni, ingawa muuzaji wa vifaa anazipigia debe. Fomu ya kujiunga inauliza swali moja tu la afya: "Je, daktari amekukataza mazoezi yoyote?" Jibu linasomwa na mkufunzi na meneja, si mapokezi. Aliye chini ya miaka 18 hasajiliwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wanachama, Kamishna wa Data anaarifiwa ndani ya saa 72, kwa hiyo kumbukumbu za nani alifungua nini zihifadhiwe tangu siku ya kwanza.

## 5. Kuhamisha daftari

Majina yaingizwe kwenye jedwali na wahudumu wawili, mmoja akisoma, mwingine akiandika. Namba ya simu ikijirudia, isiunganishwe na mfumo: mara nyingi ni mke na mume wanaotumia simu moja. Palipo na utata wa tarehe ya mwisho, mwanachama apewe tarehe iliyo mbali zaidi.

Kwa siku 14 za kwanza daftari na mfumo viende sambamba. Kila jioni baada ya kufunga, saa 21:30, mhudumu ahesabu walioingia kwa daftari na kwa mfumo. Daftari litaondolewa mapokezi baada ya jioni saba mfululizo ambazo hesabu hizo mbili hazikupishana.