Barua ya Kukabidhi Kazi: Elimu ya Viungo na Michezo

Umoja, Nairobi
30 Julai 2025

Kwa Mwalimu Akinyi,

Salaam na karibu. Fomu rasmi ya makabidhiano nimeijaza na iko kwa mwalimu mkuu. Hii ni barua ya yale ambayo fomu haina nafasi yake.

Naomba jambo moja kabla ya mengine: ratiba usiiguse mpaka uwajue wanafunzi. Ukiitazama juu juu utaiona imekaa ovyo, kwa kuwa gredi ya 7 wanacheza asubuhi mapema na gredi ya 5 wako katikati ya siku. Kila kipindi kimewekwa hapo kwa sababu ya mtoto fulani. Nilipofika hapa, watoto wenye mahitaji maalum walikuwa wakiketi chini ya mwarobaini kuchunga masweta ya wenzao. Sasa wanacheza, na ukihamisha kipindi bila kuuliza, baadhi yao watarudi kwenye masweta.

Sijawataja kwa majina. Karatasi hupotea, na habari za afya ya mtoto zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Majina yako kwenye faili ya kijani ndani ya kabati la mwalimu wa ushauri. Isome pamoja naye kabla shule haijafunguliwa.

Msichana wa gredi ya 7 mwenye ualbino ndiye sababu ya kipindi kile cha asubuhi. Saa tano jua la hapa halivumiliki. Avae kofia pana na shati la mikono mirefu, na apake losheni kabla ya kutoka darasani, si akiwa tayari uwanjani. Losheni huipata kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ikikaribia kwisha mama yake atakuambia, nawe umkumbushe mapema. Macho yake hayaoni mbali, kwa hiyo ule mpira wa rangi ya chungwa ni wake yeye kwanza. Usiuazimishe timu ya wavulana. Watakuja kuuomba, tena kwa maneno matamu.

Mvulana wa gredi ya 6 mwenye selimundu ndiye atakayekupa kazi zaidi, kwa sababu anapenda kandanda na anajua kuficha maumivu. Mimi humchezesha dakika tano, anatoka, anakunywa maji, anarudi. Timu nzima hubadilishana hivyo hivyo ili asionekane yeye peke yake ndiye anayetolewa. Asikimbie mbio ndefu, asikae na nguo mbichi, na asubuhi za baridi kama hizi za Julai aanze mazoezi akiwa na sweta. Tumekubaliana ishara: akishika sikio, ameanza kuumwa. Hapo mtoe, mfunike, mpe maji, mpigie mama yake simu. Akiwa na homa, akihema kwa shida au kifua kikimuuma, ni hospitali moja kwa moja, wala usingoje mzazi afike. Na tafadhali, akiumia mguu usimwekee barafu kama tunavyowafanyia wengine. Baridi inaweza kumwamshia maumivu makali. Nimeandika hivyo kwa kalamu nyekundu kwenye kifuniko cha sanduku la huduma ya kwanza, kwa sababu siku moja atakayelifungua huenda asiwe wewe.

Binti wa gredi ya 8 asiyesikia ni mwepesi kuliko wote tulio nao katika mita 100. Kwake filimbi ni pambo tu. Tumia bendera nyekundu, na usimame mbele kidogo ya mstari mahali anapokuona bila kugeuza shingo. Katika kupokezana vijiti anakimbia wa kwanza, ili awe wa kutoa na si wa kupokea, maana mwenzake akimwambia "shika" hasikii. Kwenye mashindano ya nje, nenda kwa mwanzishaji mbio kabla wanariadha hawajaitwa, umwombe ainue bendera pamoja na mlio. Ukingoja mpaka wapange mstari utaambiwa muda umekwisha. Darasa lake zima linajua ishara kadhaa za Lugha ya Ishara ya Kenya. Waache wakufundishe, watafurahi.

Gredi ya 5 kuna mtoto mwenye dalili za Down. Asibingirike kwa kichwa wala kuruka sarakasi yoyote inayokunja shingo, hata akiomba, mpaka daktari aruhusu kwa maandishi. Kudansi, kurusha na kulenga shabaha anayaweza, na kwa kudansi atakushinda. Kipindi chao kiko katikati ya siku kwa sababu msaidizi wake huwa huru wakati huo tu. Wenye pumu wako madarasa kadhaa. Vipulizio vyao vibebwe mpaka uwanjani kwenye kile kipochi cha bluu, visiachwe kwenye dawati. Kwa ajili yao pia, chokaa ya kuchorea mistari humwagwa jioni wanafunzi wakishaondoka.

Sasa vifaa. Ufunguo wa stoo uko kwa karani wa fedha na wa akiba uko kwa bawabu. Mipira ya kandanda ni tisa: minne namba 5, mitano namba 4. Ya namba 4 ni ya wadogo, na wakubwa wanalijua hilo ila watajifanya wamesahau. Mipira ya netiboli ni sita, miwili inavuja. Pampu ni nzuri, lakini sindano zake hupotea kila muhula, kwa hiyo nunua pakiti na uilowanishe sindano kabla ya kuidunga. Vijiti vya kupokezana vinane, koni ishirini na nne, tufe tatu. Wavu wa voliboli ulichanika na nimeushona kwa kamba ya nailoni. Utavumilia muhula huu. Mpira wenye kengele ndani uko kwenye kreti ya juu. Hatuna mtoto asiyeona kwa sasa, lakini ukiwafunga wote vitambaa machoni wakacheza nao, utaona wale wajanja wa kandanda wakitulia.

Magodoro ya kurukia juu yasitumike. Panya wametoboa moja na sponji imejikusanya upande. Ombi la mapya liko kwa bodi. Kumbusha kila wiki, kwa heshima.

Vipindi vya sekondari msingi ni dakika 40, vya shule ya msingi ya juu ni 35. Kati ya hizo, dakika tano huliwa na kubadilisha viatu. Kuelekea mitihani, wenzako watakuja kuomba kipindi "kimoja tu" cha marudio. Mimi nilikuwa nikitoa kwa sharti la kurudishiwa wiki hiyo hiyo, na nikaandika kwenye daftari jeusi nani ana deni. Daftari nimekuachia. Madeni mawili ya Hisabati bado hayajalipwa.

Mvua za Oktoba zikianza, uwanja wetu wa udongo mweusi hushika viatu mpaka mtoto anabaki na soksi. Hamia ukumbi wa chakula, ila panga mapema na mpishi mkuu kwa sababu ukumbi ni wake kuanzia saa tano na nusu.

Simu yangu unayo. Nipigie jioni, mchana nitakuwa uwanjani Kakamega.

Wako katika kazi,
Wafula
Mwalimu wa Elimu ya Viungo anayehama

Nakala: Mwalimu Mkuu, Mwalimu wa Ushauri