Chupa Iliyokataa Kulala

Baba yake Mwanaisha alikuwa amechoka kupoteza madema. Huyatega kando ya mwamba, nje kidogo ya Sahare, kisha kukicha anazunguka na ngalawa akitafuta chupa tupu ya maji aliyoifanya boya. Chupa tupu hulala ubavu, na wimbi dogo tu linaificha.

"Ingekuwa inasimama, ningeitia kibendera," alisema huku akikumba maji ngalawani.

Mwanaisha akaokota chupa ya nusu lita, akatia mchanga mkavu wa vidole vitatu, akakaza kifuniko, akaiweka majini. Ikasimama. Akaisukuma kwa kidole. Ikainama, ikarudi, ikayumba kidogo, ikatulia.

Kwanza alidhani ni kwa sababu ya kitako bapa. Akaipindua. Mchanga ukateremkia shingoni, na chupa ikasimama vilevile, kitako juu. Kumbe kitako hakina kazi hapo. Akaitoa, akailaza na kuitikisa mpaka mchanga ukatandazika ubavuni, akairudisha taratibu. Ikabaki imelala! Chupa ile ile, mchanga ule ule. Alipojaribu kuijaza mchanga mpaka juu, ikazama moja kwa moja, maana sasa ilikuwa nzito kuliko maji iliyoyasukuma kando.

"Baba, mashua ikirudi haina shehena mnatia nini?"

"Farumi. Mifuko ya mchanga."

"Mnaiweka wapi?"

"Chini kabisa, juu ya mkuku. Ukiipanga juu unatafuta kuzama, mwanangu."

Mwanaisha akapunguza mchanga ukabaki wa vidole vitatu, akaishika chupa, akaiinamisha kidogo majini, macho hayabanduki. Maji yanaisukuma juu, na msukumo huo unapita katikati ya sehemu iliyozama. Uzito nao umekaa chini zaidi, penye mchanga. Chupa ikiwa wima, viwili hivi viko mstari mmoja, vinavutana bila kuigeuza. Ikiinama, mstari unavunjika: maji yanainua huku, mchanga unavuta chini kule, na chupa inazungushwa mpaka isimame tena. Mchanga ukitandazika ubavuni, hakuna ncha ya chupa inayovuta chini kuliko nyingine.

Akasokomeza kitambaa juu ya mchanga, akaushindilia kwa kijiti usiweze kuhama. Safari hii hata alipoirusha ovyo, ilijiinua yenyewe.

Baba yake aliicheka, halafu akaacha kucheka, akaichukua.

"Nitengenezee za madema yote."

"Chupa utafute wewe. Na ufito wa bendera uwe mwembamba, mfupi. Ukiwa mzito utaupandisha uzito juu, italala tena."

"Haya, fundi."

"Na kamba ya dema ipite chini, kitakoni. Ukiifunga juu, mkondo utaivuta kichwa."

Mzee, aliyekwisha kukaza fundo shingoni mwa chupa, akaanza kulifungua kwa meno.