Pendekezo la Warsha ya Mafunzo ya Usimamizi wa Nidhamu Kazini kwa Wasimamizi wa Zamu

Meneja Rasilimali Watu,
Kiwanda cha Kukamua Mafuta ya Alizeti,
Kizota, Dodoma.

9 Februari 2026

Ndugu Meneja,

YAH: PENDEKEZO LA WARSHA YA SIKU MBILI KWA WASIMAMIZI 36 WA ZAMU

Tafadhali rejea mazungumzo yetu ya wiki iliyopita ofisini kwako, ambapo ulieleza kwamba mashauri mawili ya kuachishwa kazi yaliyofikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mwaka jana yaliisumbua kampuni, ingawa makosa ya wafanyakazi husika hayakuwa na ubishi mkubwa. Uliniruhusu nipitie nakala za majalada hayo, nami nimeyasoma yote mawili. Pendekezo hili limetokana na nilichokiona humo.

Katika jalada la kwanza, mfanyakazi alipewa barua ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu jioni, na kikao kikafanyika asubuhi iliyofuata. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 zinataka apewe muda wa kutosha wa kujiandaa, usiopungua saa 48. Katika jalada la pili, msimamizi aliyetoa taarifa ya kosa ndiye aliyeongoza kikao, wakati kanuni hizo hizo zinataka mwenyekiti awe mtu wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Maonyo matatu yanayotajwa kwenye barua ya kuachishwa kazi hayamo jaladani. Inaonekana yalitolewa kwa mdomo, pale pale kwenye mashine.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili, yaani kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha uko kwake. Mfanyakazi ana siku 30 tangu kuachishwa kazi za kupeleka mgogoro wake Tume, na mkishaitwa huko hamuwezi kutengeneza kumbukumbu ambayo haikuandikwa siku ya tukio. Kwa sababu hiyo hatupendekezi kuifundisha ofisi yako, ambayo utaratibu inaufahamu vizuri. Tunapendekeza kuwafundisha wasimamizi wa zamu, kwa kuwa jalada huanza kuandikwa, au kutoandikwa, mikononi mwao.

Matokeo yanayotarajiwa

Baada ya warsha, kila msimamizi ataweza kuandika taarifa ya tukio yenye tarehe, saa, mahali, mashahidi na jambo lililotendeka bila kuchanganya na maoni yake. Ataweza pia kutofautisha kosa la kurekebishwa kwa mazungumzo, kosa la onyo la maandishi, na kosa la kupelekwa moja kwa moja ofisini kwako, akijua kwamba yeye mwenyewe hana mamlaka ya kumwambia mtu "nenda nyumbani, usirudi". Kauli hiyo hutamkwa kwa hasira, lakini mbele ya Tume inaweza kuchukuliwa kuwa ndiyo kuachishwa kazi kwenyewe.

Matokeo haya yatapimwa. Mwisho wa siku ya pili kila mshiriki atapewa mkasa mmoja na kuandika taarifa na barua ya onyo kwa mkono wake. Tutazisahihisha na kukukabidhi zote, pamoja na orodha ya wanaohitaji msaada zaidi. Wiki ya kwanza ya Juni tutarudi kiwandani kwa nusu siku kukagua kumbukumbu halisi walizoandika.

Maudhui

Asubuhi ya siku ya kwanza itahusu haki na wajibu wa pande zote, kwa ufupi. Tutagusa saa za kazi, ambazo ni 45 kwa wiki bila saa za ziada, na malipo ya saa za ziada ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, kwa kuwa migogoro mingi ya utoro na ukaidi msimu wa alizeti huanzia kwenye hesabu ya saa hizo. Msimamizi asiyejua hesabu hiyo atamwandikia onyo mtu mwenye dai la haki.

Sehemu kubwa ya muda uliobaki ni mazoezi. Washiriki watafanya mazungumzo ya kurekebisha mwenendo wakiwa wawili wawili, mmoja akiwa msimamizi na mwingine mfanyakazi aliyechelewa mara kwa mara, kisha watabadilishana nafasi. Siku ya pili wataendesha kikao cha nidhamu cha mfano kuanzia uchunguzi, barua ya tuhuma, haki ya mtuhumiwa kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, kusikiliza mashahidi, hadi uamuzi wenye sababu. Mikasa tutaitunga kutokana na mazingira ya kiwanda chenu, bila kutumia jina wala tukio la mtu yeyote aliyeko kazini. Mafunzo yote yatakuwa kwa Kiswahili, pamoja na fomu.

Utaratibu

Tunashauri makundi mawili ya watu 18, ili zamu moja ibaki kazini: kundi la kwanza tarehe 14 na 15 Aprili 2026, la pili tarehe 16 na 17 Aprili, saa 2:30 asubuhi hadi saa 10:00 jioni. Tumechagua Aprili kwa makusudi, kwani mavuno ya alizeti yakianza kuingia hakuna msimamizi atakayepata nafasi ya kukaa darasani. Ukumbi wenu wa mikutano unatosha, na kwenda hotelini mjini kutaongeza gharama bila kuongeza maarifa.

Wawezeshaji

Mimi ndiye mwezeshaji mkuu. Nina shahada ya uzamili ya usimamizi wa rasilimali watu kutoka Chuo Kikuu Mzumbe, na kabla ya kuanza ushauri hapa Dodoma nilikuwa ofisa rasilimali watu katika kiwanda cha nguo mkoani Morogoro kwa miaka tisa, nikiwakilisha mwajiri mbele ya Tume. Mwenzangu ni wakili wa kujitegemea anayeshughulikia migogoro ya kazi kwa upande wa waajiri na wa wafanyakazi pia. Nimemchagua hasa kwa hilo la pili, kwa sababu anajua wakili wa mfanyakazi huanza kutafuta kasoro wapi. Wasifu na vyeti vyetu vimeambatishwa.

Gharama

Uwezeshaji ni shilingi 1,200,000 kwa siku, jumla shilingi 4,800,000 kwa siku nne. Maandalizi, yaani kutembelea kiwanda na kutunga mikasa, ni shilingi 900,000. Kabrasha na fomu ni shilingi 15,000 kwa mshiriki, sawa na shilingi 540,000, na ufuatiliaji wa Juni ni shilingi 600,000. Jumla kuu ni shilingi 6,840,000. Hatujasajiliwa kwenye VAT, hivyo hatutoi ankara yenye kodi hiyo. Kodi ya zuio ya asilimia 5 mtaikata kwa utaratibu wa kawaida, nasi tutatoa risiti ya EFD kwa kila malipo.

Chai, chakula cha mchana na ukumbi vitakuwa juu ya kampuni. Hatujaweka posho ya washiriki, na tunashauri isiwepo, kwa kuwa mafunzo yatafanyika ndani ya saa za kazi zinazolipwa.

Tunaomba shilingi 2,736,000 mkataba ukisainiwa na shilingi 4,104,000 ndani ya siku 14 baada ya kukabidhi ripoti ya warsha. Endapo mtaahirisha kwa taarifa ya siku saba au zaidi, hakutakuwa na gharama ya ziada.

Bei hii itadumu hadi tarehe 13 Machi 2026. Niko tayari kufika mbele ya menejimenti kujibu maswali siku yoyote utakayonipangia kabla ya tarehe hiyo.

Wako mtiifu,

Mwezeshaji Mkuu,
Area D, Dodoma.

Viambatisho: wasifu na vyeti vya wawezeshaji, sampuli ya fomu ya taarifa ya tukio, ratiba ya siku mbili.