Taarifa ya Tathmini ya Ubora wa Ufundishaji, Ujifunzaji na Upimaji

KWA: Mwalimu Mkuu (nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Shule)
TAREHE ZA TATHMINI: 10–12 Machi 2025

Wathibiti ubora watatu waliona vipindi 14, Darasa la I hadi la VII, na kupitia maandalio ya walimu 9 na madaftari 20 ya Hisabati ya Darasa la III. Madaraja: 1 vizuri sana, 2 vizuri, 3 inaridhisha, 4 hairidhishi, 5 dhaifu.

Maandalizi ya walimu: Daraja la 3
Maazimio ya kazi yapo na yanaendana na muhtasari. Hata hivyo, maandalio matatu yalikuwa na sehemu ya tathmini iliyojazwa "asilimia 80 wameelewa" kabla kipindi hakijaanza. Yote matatu yana saini yako.

Ufundishaji wa kusoma, Darasa la II: Daraja la 4
Mwalimu anasoma, darasa zima linaitikia. Ukisikiliza ukiwa mlangoni utadhani wote wanasoma. Tulipowaita wanafunzi 18 mmoja mmoja na kuwaonesha neno la katikati ya sentensi ileile, 7 tu walilisoma. Wengine walianza kuikariri sentensi tangu mwanzo.

Upimaji na usahihishaji: Daraja la 4
Katika madaftari 13, swali la 403 − 178 limejibiwa 375. Hilo si kosa la uzembe: mwanafunzi anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote ilipo (8 − 3, 7 − 0, 4 − 1). Sifuri ya makumi imemkwamisha, kwa kuwa hakuna kumi la kuchukua hadi mia moja ivunjwe kwanza. Mwalimu ameweka mkasi na kuandika "Jitahidi". Hakuna masahihisho, na siku iliyofuata mada ilikuwa kuzidisha.

Uhusiano wa walimu na wanafunzi: Daraja la 2
Wanafunzi wanauliza maswali bila woga. Hatukuona fimbo darasani.

Ushauri kwa Mwalimu Mkuu
Kutoa kwa kuchukua kufundishwe upya Darasa la III kabla ya 28 Machi, kwa vijiti: mafungu ya 100, mafungu ya 10 na vijiti vimojavimoja. Wanafunzi wafungue fungu la mia wenyewe, wapate makumi kumi, kisha wafungue kumi moja, ndipo waandike. Vijiti vipo vya kutosha uwanjani, visisubiri fedha za ruzuku.

Darasa la II, kila kipindi cha kusoma wanafunzi watano wasome peke yao, na mwalimu arekodi majina. Kwa wanafunzi 60, darasa zima litapitiwa katika vipindi 12.

Usisaini andalio ambalo tathmini yake imetangulia kipindi. Wewe na mwalimu wa taaluma muingie darasani mara mbili kwa wiki, mkae nyuma, na mkague madaftari matano papo hapo. Kosa linalojirudia lipelekwe kwenye kikao cha MEWAKA cha wiki hiyo badala ya mada za jumla.

Tutarudi wiki ya kwanza ya Mei na tutaanza na madaftari yale yale 20.