Yah: Kujitambulisha – Mwanaisha Pandu Vuai, Afisa Ubora mpya, Ghala la Wete

Kwa: Wafanyakazi wote wa ofisi na ghala, Wete, wanunuzi wa vituoni, madereva na manahodha
Nakala: Meneja wa Pemba

Ndugu wenzangu,

Assalaam alaykum, na habari za kazi. Wakubwa zangu, shikamooni.

Naitwa Mwanaisha Pandu Vuai. Nimeanza kazi Jumatatu hii nikiwa Afisa Ubora, katika nafasi iliyobaki wazi tangu mwenzetu alipohamia Unguja. Baadhi yenu tumeshapeana mikono. Wengi, hasa mlioko vituoni, hatujaonana bado. Meneja aliniambia mistari mitano ya kujitambulisha inatosha. Niliiandika jana jioni, nikaisoma tena asubuhi nikaona imejaa vyeti vyangu na haina neno hata moja kwa mtu anayepokea gunia kituoni. Kwa ruhusa yake nimeiandika upya, ndefu kidogo. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye ratiba ya wiki hii, huko chini.

Mimi ni mtoto wa Paje. Kilimo cha mwani cha biashara kilianzia pwani yetu ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na mama yangu aliingia miaka michache baadaye, kwa kamba za kuazima. Likifika bamvua, nyumba yetu ilikuwa haina mtu mzima mpaka adhuhuri. Maji yakitoka, mama na shangazi zangu wameshakwenda na mambo yao, vile vigingi vya kufungia kamba, na mafungu ya mbegu. Sisi watoto tukirudi skuli tunakaa kivulini kukata na kuandaa tai-tai, zile nyuzi fupi za kufungia mbegu kwenye kamba. Uzi ule ukivutwa siku nzima kwa vidole vilivyolowa maji ya chumvi, unachana ngozi pale pale kwenye kiungo cha kidole cha shahada. Mama ana alama hiyo hadi leo, mikono yote miwili. Daftari na sare zangu za skuli zilitoka kwenye mwani huo.

Nilisoma SUZA, shahada ya sayansi na ualimu. Nilifundisha kemia mwaka mmoja, kisha nikafanya kazi miaka minne katika ghala moja la mwani Unguja, nikiwa msaidizi wa ubora. Huko nilijifunza upimaji. Huko pia nilishuhudia jambo ambalo ndilo lililonifanya niombe kazi hii, na naona ni haki yenu kulijua.

Siku moja alikuja mama mmoja na gunia la mwani wa kotonii. Lilipimwa, likakataliwa, akapewa karatasi iliyoandikwa maneno mawili: "Hauna ubora." Alisimama pale kaunta muda mrefu akiigeuza ile karatasi. Kisha akasaidiwa kujitwisha gunia lake akaondoka. Mwezi uliofuata alileta jingine, nalo likakataliwa. Mara hii nilimwomba tulifungue pamoja. Juu mwani ulikuwa mkavu vizuri, katikati ulikuwa bado na joto na umande. Alikuwa akiupakia magharibi, mara tu anapouondoa kwenye kichanja, na umande wa jioni ukifungiwa mle ndani. Aliposikia hivyo alisema, "Basi ni hilo tu?" Tangu siku ile hakurudishwa tena. Gunia zima la kazi ya wiki sita lilikuwa limepotea, na kumbe lilihitaji maelezo ya dakika mbili.

Kwa hiyo ndugu zangu, ninachoamini katika kazi hii ni kimoja: tukimrudishia mkulima gunia, tumwambie sababu kwa maneno anayoyafahamu, papo hapo, gunia likiwa wazi. Nawaomba tulifanye hili pamoja, kwa sababu peke yangu siwezi. Mimi ni mmoja na vituo ni vingi.

Jumatatu nilipofika, mlinzi wa geti alinipokea sanduku na kuniuliza kwetu ni wapi kabla hajaniuliza jina. Nilijua nimefika penye watu. Baada ya chai, mzee wetu mkuu wa ghala alinipeleka kwenye rundo la mwani wa spinosi lililoingia kutoka Tumbe. Alifungua gunia moja, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kichopa na kukifinya. Akafungua kiganja akanionesha: kikavu, kina vumbi jeupe la chumvi, na mwani wenyewe ukajirudi polepole kama mpira. Akasema, "Huu ndio." Kisha akatoa mwingine kutoka gunia la pili, akaufinya, akanipa mimi niushike. Haikuhitaji mashine. Kiganja changu kilibaki na unyevu. Mzee yule ana miaka mingi na mikono inayojua, na nimekwisha kumwomba awe mwalimu wangu. Mashine ya kupimia unyevu itathibitisha, lakini mkulima hana mashine, ana kiganja, na hicho ndicho kipimo tunachoweza kumwachia.

Kwa wale ambao kazi zenu ziko mbali na rundo, niseme kwa ufupi kwa nini nitakuwa nasumbua kuhusu unyevu na mchanganyiko. Mwani unaouzwa ukiwa na maji mengi huendelea kuoza ndani ya kontena, na mnunuzi anapoupima upya bandarini kwake, hasara inaturudia sote, kuanzia kwa mkulima. Kotonii na spinosi nazo zisichanganywe kabisa, hata kichopa kimoja. Zote mbili hutoa karajinani, ile dawa ya kugandishia inayotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno, lakini ya kotonii huganda ngumu na ya spinosi huganda laini. Kiwandani hizo ni bidhaa mbili tofauti. Mchanga na vipande vya tai-tai navyo ni uzito ambao mtu analipia bila ya kuupata. Mvua ndiyo adui mkubwa zaidi: mwani ulioanikwa ukinyeshewa, chumvi inaoshwa, rangi inapauka, na hauwi tena ule uliotoka baharini.

Nakuja na maombi machache. Naomba myachukue kama ya mgeni anayetaka kuelewa nyumba kabla ya kushika ufagio.

Wanunuzi wa vituoni, nyinyi ndio mnaojua nani anaanika kwenye vichanja na nani bado anaanika mchangani, na kwa nini. Mara nyingi sababu ni gharama ya miti. Naomba nije nikae nanyi siku nzima ya kununua, nisikilize tu. Mkikataa gunia kabla sijafika, niwekeeni kichopa chake kwenye mfuko safi, muandike kijiji na siku. Pia mkiona mwani umeanza kuwa mweupe kwenye matawi na kukatika wenyewe, niarifuni siku hiyo hiyo, hata usiku. Kotonii imetuumiza sana kwa ugonjwa huo kila maji yanapokuwa na joto, na taarifa ya mapema inaweza kuokoa mbegu za jirani.

Wenzangu wa uhasibu, nimeona stakabadhi zetu zina nafasi ya uzito na bei, na upande wa chini kuna mstari mtupu. Ningependa kuomba mstari huo tuutumie kuandika sababu pale gunia linaporudishwa au bei inapopunguzwa: "mbichi katikati", "una mchanga", "umechanganyika", "umenyeshewa". Maneno hayo manne yanatosha kwa kuanzia. Nitapita ofisini kwenu kesho kuuliza kama hili linaleta uzito kwenye hesabu zenu, na nikiambiwa linaleta, tutatafuta njia nyingine.

Madereva na nahodha wa Fundo, nimeambiwa turubai moja limetoboka. Nimeshamweleza Meneja. Mpaka lipatikane jipya naomba magunia ya chini yapangwe juu ya mbao. Safari ya baharini ya nusu saa inaweza kuharibu kilichokauka siku tatu, na nyinyi mnalijua hilo kuliko mimi.

Ratiba yangu ya wiki hii ni hii. Kesho Alhamisi nipo ghalani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, na nitapita uhasibu baada ya chai. Ijumaa nipo ofisini asubuhi mpaka wakati wa sala. Jumamosi natarajia kwenda Tumbe na gari ya asubuhi, kama dereva ataridhia kunipa nafasi. Bamvua lijalo ningependa nilimalizie Kiuyu Mbuyuni, nitoke na kina mama mpaka mashambani maji yakitoka, kisha nirudi nao vichanjani. Mwenye ushauri juu ya mtu wa kumpigia hodi kwanza kule, awe sheha au kiongozi wa kikundi cha wakulima, naomba aniambie kabla sijatia mguu. Sitaki kuingia kijijini kwa watu kama mkaguzi.

Meza yangu ni ya kwanza mkono wa kulia ukiingia ghalani, karibu na mizani. Mlango hauna foleni. Ukiwa na gunia linalokutia shaka, lilete au niite, na tafadhali usisubiri mpaka ulijue jibu. Mimi pia nitakuja kwenu na maswali mengi, na mengine yatakuwa ya mambo ambayo nyinyi mmeyafanya miaka kumi. Maneno yangu ya Kikae yakinitoka na yasifahamike, nisimamisheni niseme tena. Nami nina hamu ya kujifunza mnavyoyaita mambo haya huku kwenu Pemba.

Nje ya kazi, nimepanga chumba hapa hapa Wete, mtaa wa juu ya bandari. Nimekuja peke yangu, mwanangu wa miaka mitano amebaki kwa bibi yake Paje mpaka muhula wa skuli uishe, kisha Inshaallah atanifuata. Anayejua skuli ya maandalizi nzuri iliyo karibu, atakuwa amenisaidia sana. Namshukuru pia dada wa mapokezi aliyeniletea mkate wa kumimina jana bila ya kuombwa. Bakuli lako lipo mezani kwangu, limeoshwa.

Hamna haja ya kujibu nyote kwa pamoja. Wanunuzi watatu wa vituo vya kaskazini tu naomba mnijibu kabla ya Ijumaa saa nne, mniambie siku ipi ya kununua nije kwa kila mmoja.

Wenu katika kazi,

Mwanaisha Pandu Vuai
Afisa Ubora
Ghala la Wete, Pemba